Satelaiti ikipanda inapunguza kasi: jinsi ya kupiga hesabu ya obiti mbili bila kujikanganya

Kila mwaka wanafunzi wangu wa S5 na S6 hapa Jinja wanapofika kwenye mada ya mvutano wa dunia, swali ni lile lile. Jumamosi moja ya marudio, binti mmoja alifuta jibu lake mara tatu hadi karatasi ikatoboka. Kisha akanyoosha mkono: "Mwalimu, injini imeisukuma satelaiti mbele. Ikaisukuma tena mbele. Sasa mbona mwishoni inakwenda polepole kuliko mwanzo? Nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Jibu lake lilikuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho. Alichokosa ni hesabu ya nishati iliyoandikwa kwa mpangilio, ili aone ile kasi ilikwenda wapi. Ndiyo ninayoiandika hapa, kwa mfano mmoja tu tutakaoufuata tangu mwanzo hadi mwisho. Fuata ukiwa na kalamu mkononi, maana kusoma hesabu kwa macho peke yake hakutakusaidia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kikokotoo chenye kitufe cha kipeuo cha pili na cha vipeo vya kumi. Karatasi yenye nafasi ya kutosha, kwa sababu utachora jedwali. Na fomula tatu, ambazo zote zinatoka kwenye wazo moja: mvutano wa dunia ndio unaoikunja njia ya satelaiti iwe duara.

```
Kasi ya obiti:      v = √(GM/r)
Kasi ya kutoroka:   u = √(2GM/r)
Jumla ya nishati:   E = −GMm/(2r)
```

Hapa G ni kigezo cha mvutano, M ni tungamo la dunia, m ni tungamo la satelaiti, na r ni umbali kutoka katikati ya dunia. Nitatumia nusu kipenyo cha dunia R = 6.4 × 10⁶ m, ambacho ndicho vitabu vingi vya shule hutumia, na GM = 4.0 × 10¹⁴. Thamani kamili zaidi ya GM ni 3.986 × 10¹⁴, lakini hiyo ya mviringo inatosha kujifunzia na inafanya namba zisomeke.

Onyo la kwanza liko hapa hapa, kabla hata ya hatua ya kwanza. Chagua GM moja na ukae nayo hadi mwisho. Ukizidisha G kwa M, yaani 6.67 × 10⁻¹¹ kwa 5.97 × 10²⁴, unapata 3.982 × 10¹⁴. Ukitumia gR² yenye g = 9.81, unapata 4.018 × 10¹⁴. Tofauti haifiki hata asilimia moja, na wengi huipuuza. Lakini sisi tutatoa namba mbili kubwa zinazokaribiana, na hapo kosa dogo hukua. Ukitumia moja kwa obiti ya chini na nyingine kwa obiti ya juu, jibu la mfano wetu litapotoka kwa zaidi ya asilimia tano.

Mfano wetu

Satelaiti ya kilo 500 iko kwenye obiti ya duara, kilomita 400 juu ya ardhi. Tunataka kuihamishia kwenye obiti ya duara iliyo kilomita 1,600 juu. Kasi zake ni ngapi? Nishati inabadilika kwa kiasi gani? Injini inafanya nini, na lini?

Hatua ya 1: Geuza kimo kiwe umbali kutoka katikati

Fomula zote tatu zina r, na r haianzii ardhini. Inaanzia kwenye kitovu cha dunia. Kwa hiyo jumlisha R kwanza:

```
r1 = 6.4×10⁶ + 0.4×10⁶ = 6.8×10⁶ m
r2 = 6.4×10⁶ + 1.6×10⁶ = 8.0×10⁶ m
```

Hili ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko yote. Mtu anaona "kilomita 400", anaiingiza moja kwa moja kwenye kikokotoo, na anapata kasi ya zaidi ya kilomita 31 kwa sekunde. Kasi yoyote ya obiti ya duara kuzunguka dunia inayozidi kilomita 7.9 kwa sekunde ni alama kwamba umesahau R, kwa sababu hiyo ndiyo kasi ya obiti inayogusa ardhi yenyewe. Hakuna obiti ya duara iliyo ya chini zaidi ya hapo.

Ukitazama r1 na r2 utaona jambo lingine. Kimo kimeongezeka mara nne, lakini umbali kutoka katikati haujaongezeka hata robo. Ndiyo maana kasi hazitatofautiana sana.

Hatua ya 2: Tafuta kasi za obiti zote mbili

```
v1 = √(4.0×10¹⁴ / 6.8×10⁶) = 7,670 m/s
v2 = √(4.0×10¹⁴ / 8.0×10⁶) = 7,071 m/s
```

Satelaiti ya juu inakwenda polepole kwa mita 599 kwa sekunde. Sababu ni rahisi: huko juu mvutano umepungua, na mvutano mdogo unaweza kukunja njia ya kitu chenye kasi ndogo tu. Kikienda kwa kasi zaidi ya hiyo, njia haibaki duara.

Tungamo la satelaiti halimo kwenye fomula hii. Kilo 500 au kilo 1, kasi ni ile ile. Ukijikuta umeingiza 500 kwenye hatua hii, rudi nyuma.

Hatua ya 3: Andika jumla ya nishati kama deni

Jumla ya nishati ni nishati mwendo ukijumlisha na nishati tuli, yaani ile inayotokana na mahali satelaiti ilipo ndani ya mvutano wa dunia. Nishati tuli ni −GMm/r. Ni hasi kwa sababu tumekubaliana kwamba sifuri iko mbali kabisa, mahali ambapo mvutano hauhisiki tena. Nishati mwendo kwenye obiti ya duara ni nusu ya kiasi hicho, lakini chanya.

Mimi huwaambia wanafunzi waione alama ya hasi kama deni. Satelaiti inadaiwa na dunia. Nishati mwendo ni pesa iliyo mfukoni, na inatosha kulipa nusu tu ya deni lote. Kinachobaki ndicho E, na kwa sababu bado ni deni, satelaiti haiwezi kuondoka.

Chora jedwali. Usiliruke, hata kama unajiona una haraka:

| | Obiti ya chini | Obiti ya juu |
|---|---|---|
| Nishati mwendo | +1.4706 × 10¹⁰ J | +1.2500 × 10¹⁰ J |
| Nishati tuli | −2.9412 × 10¹⁰ J | −2.5000 × 10¹⁰ J |
| Jumla, E | −1.4706 × 10¹⁰ J | −1.2500 × 10¹⁰ J |

Nimebakiza tarakimu nne baada ya nukta kwa makusudi. Ukikata mapema na kuandika −1.5 na −1.3, tofauti itatoka 0.2 badala ya 0.2206, na utakuwa umepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya jibu. Kata mwishoni, usikate katikati.

Hatua ya 4: Toa, kwa kuangalia alama

```
ΔE = E2 − E1
   = (−1.2500×10¹⁰) − (−1.4706×10¹⁰)
   = +2.206×10⁹ J
```

Jibu ni chanya, kwa hiyo satelaiti imepewa nishati. Deni limepungua. Hapa ndipo wengi huteleza: wanaona 1.25 ni ndogo kuliko 1.47 na kusema nishati imepungua. Mwenye deni la shilingi elfu 12 ana hali nzuri kuliko mwenye deni la elfu 14.

Sasa soma jedwali kwa mistari mingine miwili. Nishati mwendo imeshuka kwa 2.206 × 10⁹ J. Nishati tuli imepanda kwa 4.412 × 10⁹ J, mara mbili kamili ya kiasi hicho. Maana yake, gharama ya kupanda imelipwa na wawili kwa nusu kwa nusu: injini imetoa 2.206, na satelaiti yenyewe imetoa 2.206 kutoka kwenye mwendo wake. Hili ndilo jibu la yule binti, kwa lugha ya nishati. Kasi imepungua kwa sababu imetumika kulipia mlima.

Uwiano huu wa nusu kwa nusu hutokea kila mara unapohama kutoka obiti moja ya duara hadi nyingine ya duara. Utumie kukagua kazi yako. Kama mabadiliko ya nishati tuli si mara mbili ya ΔE, au alama zake hazilingani, kuna namba umeikosea.

Tahadhari moja kuhusu ΔE. Hiyo ni nishati iliyoingia kwenye satelaiti, si nishati yote ya mafuta yaliyochomwa. Sehemu kubwa ya nishati ya mafuta huondoka na gesi inayotoka nyuma ya injini. Swali likikuuliza "kazi iliyofanywa juu ya satelaiti", jibu ni 2.206 × 10⁹ J. Likikuuliza mafuta, hizi fomula tatu hazitoshi.

Hatua ya 5: Kasi ya kutoroka, kutoka mahali ulipo

Kutoroka ni kulipa deni lote hadi E iwe sifuri. Satelaiti yetu ya chini ina deni la 1.4706 × 10¹⁰ J, na nishati mwendo yake nayo ni 1.4706 × 10¹⁰ J. Kwa hiyo ili iondoke, nishati mwendo lazima iongezeke maradufu. Nishati mwendo inafuata kasi kwa kipeo cha pili, basi kasi yenyewe inaongezeka mara √2 tu, yaani mara 1.414:

```
u1 = √2 × 7,670 = 10,847 m/s
u2 = √2 × 7,071 = 10,000 m/s
```

Ndiyo maana sihitaji kuikariri fomula ya kasi ya kutoroka. Ukiwa na kasi ya obiti mahali fulani, izidishe kwa 1.414, umeipata.

Makosa mawili hapa. La kwanza ni kutumia kilomita 11.2 kwa sekunde kila mahali. Namba hiyo ni ya mtu anayeanzia ardhini, ambapo r = R. Ukiwa kilomita 400 juu ni 10.8, na kilomita 1,600 juu ni 10.0. La pili ni kusahau kwamba satelaiti tayari inakwenda. Swali likisema "kasi ya ziada inayohitajika ili itoroke kutoka obiti ya chini", jibu ni 10,847 − 7,670, yaani mita 3,177 kwa sekunde. Kuandika 10,847 ni kama kumtoza nauli nzima abiria aliyekwisha fika nusu ya safari.

Hatua ya 6: Pitisha satelaiti kwenye duaradufu

Hatua tano za kwanza zinakupa mwanzo na mwisho. Hazikuambii satelaiti ilipitaje katikati. Walimu wengi huishia hapo, na mimi naona ni kosa, kwa sababu swali linalowasumbua wanafunzi linaishi katikati humo.

Njia ya kawaida ilielezwa na mhandisi Mjerumani, Walter Hohmann, mwaka 1925. Unaisukuma satelaiti mara mbili tu. Msukumo wa kwanza unabadilisha duara la chini liwe duaradufu, ambayo sehemu yake ya chini inagusa obiti ya zamani na sehemu yake ya juu inagusa obiti mpya. Satelaiti inapanda yenyewe, injini imezimwa, hadi kileleni. Hapo inasukumwa mara ya pili ili duaradufu igeuke kuwa duara la juu.

Misukumo yote miwili inaelekea mbele, upande ule ule satelaiti inakokwenda. Usichore injini ikisukuma kuelekea juu, mbali na dunia. Mchoro huo ninauona kila muhula.

Jumla ya nishati kwenye duaradufu inapatikana kwa kujumlisha umbali wa chini na wa juu:

```
Ed = −GMm/(r1 + r2)
   = −2.0×10¹⁷ / 14.8×10⁶
   = −1.3514×10¹⁰ J
```

Iko katikati ya E1 na E2, kama inavyopaswa. Sasa, huna haja ya fomula mpya kupata kasi. Chukua Ed, ondoa nishati tuli ya mahali unapotaka, na kinachobaki ni nishati mwendo.

Chini kabisa ya duaradufu, kwenye r1:

```
½mv² = −1.3514×10¹⁰ + 2.9412×10¹⁰ = 1.5898×10¹⁰ J
v = 7,975 m/s
```

Juu kabisa, kwenye r2:

```
½mv² = −1.3514×10¹⁰ + 2.5000×10¹⁰ = 1.1486×10¹⁰ J
v = 6,778 m/s
```

Kagua hapa kabla ya kuendelea. Kwenye ncha hizi mbili za duaradufu, umbali mara kasi lazima utoe jibu moja. 6.8 × 7,975 ni 54,230. 8.0 × 6,778 ni 54,224. Tofauti hiyo ndogo imetokana na kukata tarakimu, kwa hiyo tuko salama.

Basi misukumo ni hii:

```
Wa kwanza:  7,975 − 7,670 = +305 m/s
Wa pili:    7,071 − 6,778 = +293 m/s
```

Muda wa kupanda ni nusu ya mzunguko wa duaradufu, kama dakika 53 kwa mfano wetu. Unapatikana kwa π√(a³/GM), ambapo a ni nusu ya r1 + r2, yaani 7.4 × 10⁶ m. Mizunguko kamili ya obiti zenyewe ni kama dakika 93 kwa ya chini na dakika 118 kwa ya juu.

Hatua ya 7: Andika hesabu ya kasi kama daftari la duka

Hatua hii haimo kwenye vitabu vingi, lakini ndiyo iliyomfanya yule binti aweke kalamu chini na kutabasamu. Andika kila kilichoingia na kila kilichotoka:

```
Mwanzo, obiti ya chini       7,670
Msukumo wa kwanza             +305
Kupanda, injini imezimwa    −1,197
Msukumo wa pili               +293
Mwisho, obiti ya juu         7,071
```

Angalia mstari wa tatu. Injini imeongeza jumla ya mita 598 kwa sekunde, ukijumlisha mara zote mbili. Lakini ndani ya zile dakika 53 za kupanda, mvutano umeondoa 1,197. Ndiyo maana satelaiti inafika juu ikiwa polepole kuliko ilivyoanza, ingawa haikusukumwa nyuma hata mara moja.

Na kama isingesukumwa mara ya pili? Ingefika kileleni ikiwa na 6,778, ambayo ni pungufu kwa kubaki kwenye duara la juu. Ingeanza kuteremka upande wa pili wa duaradufu na kurudi pale pale ilipoanzia, ikiwa na 7,975 yake. Msukumo wa kwanza peke yake hauhamishi satelaiti kwenda obiti mpya ya duara. Unaipa tu njia ndefu ya kupanda na kushuka.

Upande wa pili: satelaiti inayoshuka yenyewe

Ukishaelewa kupanda, jaribu kushuka, kwa sababu hapo ajabu inageuka. Uganda ina mfano wake. PearlAfricaSat-1, satelaiti ya kwanza ya nchi hii, ilijengwa na wahandisi watatu wa Uganda wakiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani. Ilirushwa tarehe 7 Novemba 2022 kwenda Kituo cha Anga cha Kimataifa, na kuachiwa kutoka kituo hicho tarehe 2 Desemba 2022. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, mdogo wa kushikika kwa mkono mmoja, na haukuwa na injini ya kuupandisha.

Kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, angahewa haijaisha kabisa. Kuna hewa nyepesi mno inayoisugua satelaiti. Tuchukue satelaiti ya kilo 1 ya aina hiyo ishuke kutoka kilomita 400 hadi 300. Inashuka taratibu, kwa hiyo kila mzunguko wake ni karibu duara na fomula zetu zinafaa.

Kwenye kilomita 400 kasi ni 7,670 m/s. Kwenye kilomita 300, ambapo r = 6.7 × 10⁶ m, ni 7,727 m/s. Hewa inaisugua, na kasi inaongezeka kwa mita 57 kwa sekunde!

Rudi kwenye jedwali la nishati. Kwa kilo 1, nishati tuli inashuka kwa kama 878,000 J. Nusu yake, 439,000 J, inaingia kwenye mwendo. Nusu nyingine inageuka joto la msuguano. Jumla ya nishati imepungua, deni limekua, lakini mwendo umeongezeka. Ni ule ule uwiano wa Hatua ya 4, umegeuzwa kichwa chini. Mwanafunzi akisema "msuguano hupunguza kasi ya satelaiti", mwambie msuguano hupunguza jumla ya nishati. Kasi ni habari nyingine.

Fomula hizi zina mwisho wake hapa. Satelaiti ikishuka karibu na kilomita 100 hewa inakuwa nzito, inaporomoka haraka, njia yake si duara tena, na v = √(GM/r) haifai.

Hesabu ikigoma

*Kasi imetoka kubwa ajabu, kama mita 242,000 kwa sekunde.* Umeacha r kwenye kilomita lakini GM iko kwenye mita. Kosa la kilomita na mita hupotosha kasi kwa √1000, yaani mara 31.6. Gawanya jibu lako kwa 31.6. Ukiona kitu karibu na 7,600, umempata mwizi.

*ΔE imetoka hasi ingawa satelaiti imepanda.* Ama umetoa E2 kutoka kwa E1, ama umetumia mabadiliko ya nishati mwendo peke yake. Namba yenyewe itakuwa sahihi, 2.206 × 10⁹, na alama ndiyo mbovu. Kwa bahati mbaya watu hufuta tu ile alama ya hasi bila kujua ilitoka wapi, na swali linalofuata linawashika.

*ΔE imetoka mara mbili au mara tatu ya inavyopaswa.* Ikiwa mara mbili, umesahau 2 iliyo chini ya fomula ya E na kutumia nishati tuli peke yake. Ikiwa mara tatu, umechukua kupanda kwa nishati tuli na kujumlisha kushuka kwa nishati mwendo, badala ya kutoa.

*Nimetumia mgh na jibu halilingani.* Halitalingana. mgh inadhani g haibadiliki njiani. Kwa mfano wetu, kilo 500 kwa kilomita 1,200 kwa g ya 9.81 inatoa 5.89 × 10⁹ J, wakati nishati tuli imepanda kwa 4.41 × 10⁹ J tu. Hilo ni kosa la theluthi nzima. mgh iache kwa majengo na milima.

*Misukumo miwili haileti ΔE niliyopata Hatua ya 4.* Usichukue ½m mara 598 kwa kipeo cha pili. Nishati haiendi hivyo. Kwa kila msukumo, toa nishati mwendo ya kabla kutoka kwa ya baada. Wa kwanza unatoa 1.192 × 10⁹ J na wa pili 1.014 × 10⁹ J. Ukijumlisha unarudi kwenye 2.206 × 10⁹ J.

*Sijui kama kikokotoo changu au mimi ndiye mwenye tatizo.* Jaribu obiti unayojua jibu lake. Satelaiti za televisheni zinazokaa juu ya ikweta bila kuhama mahali pake angani ziko kama kilomita 42,200 kutoka katikati ya dunia. Weka r = 4.22 × 10⁷ m. Kasi itoke karibu 3,080 m/s, na 2πr/v itoke karibu sekunde 86,100, yaani saa 24 kasoro dakika chache. Ukipata hivyo, kikokotoo ni kizima. Rudi kwenye Hatua ya 1 na uangalie kama uliongeza R.